Njia moja au mbili: bei ya kuchota amri kwenye chipu ndogo

Juu ya meza yangu kulikuwa na bodi mbili, zote saa zake zikipiga kwa megahezi 16. Moja ilikuwa Arduino Uno yenye chipu ya ATmega328P, nyingine LaunchPad ya Texas Instruments yenye MSP430G2553. Kijana ninayefanya naye kazi alikuwa amezipa kazi moja: washa pini, zima pini, rudia bila kupumzika. Akachomeka osiloskopu. Ya kwanza ikaonyesha megahezi 2, ya pili kama megahezi 1.33.

"Kaka," akaniuliza, "saa si ni ileile? Hii nyingine muda wake unaishia wapi?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani, na nilipojaribu kumjibu kwa mdomo nilijikuta nazunguka. Tukakaa jioni nzima na karatasi, kalamu na osiloskopu. Haya ninayoandika ndiyo niliyopaswa kumwambia tangu mwanzo.

Programu alizoandika ni fupi mno. Ya ATmega:

```
geuza:  sbi   0x03, 5      ; PINB, biti ya 5
        rjmp  geuza
```

Na ya MSP430:

```
geuza:  xor.b #1, &P1OUT
        jmp   geuza
```

Kwenye ATmega328P, ukiandika 1 kwenye rejista ya PINB, pini husika inageuka: kama ilikuwa juu inashuka, kama ilikuwa chini inapanda. Amri ya `sbi` inachukua mapigo 2 ya saa, na `rjmp` mapigo 2. Kwa hiyo pini inageuka kila baada ya mapigo 4. Wimbi zima lina kupanda na kushuka, yaani mapigo 8, na 16 ukigawa kwa 8 unapata 2. Upande wa MSP430, `xor.b` inachukua mapigo 4 na `jmp` mapigo 2. Wimbi zima ni mapigo 12, na 16 ukigawa kwa 12 ni 1.33. Hesabu inalingana na kioo cha osiloskopu. Lakini hesabu hiyo haijasema kwa nini amri ya kugeuza biti moja idai mapigo 4.

Ili kuelewa, lazima utazame waya zinazopita kati ya prosesa na kumbukumbu. Prosesa haijui kazi yake inayofuata mpaka iichote amri hiyo kutoka kwenye kumbukumbu. Kuchota huko ni safari: inatoa anwani, kumbukumbu inarudisha maneno. Kusoma data nako ni safari, na kuandika data pia ni safari. Tofauti ya miundo hii miwili ni swali la njia tu. Je, safari za amri na safari za data zinapita njia moja, au kila moja ina njia yake?

MSP430 ina njia moja. Flashi yenye programu, RAM yenye data, na rejista za pini zote zimo kwenye orodha moja ya anwani, na zote zinafikiwa kwa waya zilezile. Huo ndio muundo wa von Neumann. Ukihesabu safari za `xor.b #1, &P1OUT` utaona kitu cha kupendeza. Amri yenyewe ina maneno mawili ya biti 16: la kwanza linasema "geuza biti", la pili lina anwani ya P1OUT. Kuchota hayo ni safari 2. Kisha prosesa inasoma thamani iliyopo P1OUT, safari ya 3. Halafu inaandika thamani mpya, safari ya 4. Mapigo manne, safari nne. Hakuna pigo lililopotea popote, ila hakuna hata mawili yaliyoweza kufanyika kwa pamoja, kwa sababu njia ni moja.

ATmega imejengwa kwa muundo wa Harvard. Flashi ina njia yake, na RAM pamoja na rejista za pini zina njia nyingine. Amri moja inapotekelezwa upande wa data, amri inayofuata inachotwa upande wa flashi katika pigo lilelile. Kuchota kupo, kunachukua muda wake, lakini kumefichwa chini ya kazi nyingine, ndiyo maana hukuoni kwenye hesabu. Unakuona pale tu programu inaporuka. `rjmp` inadai mapigo 2 kwa sababu amri iliyokwisha kuchotwa mapema inatupwa, na ile ya sehemu mpya inachotwa upya.

Kijana hakuridhika, na alikuwa na haki. "Lakini amri zenyewe ni tofauti," akasema. "Pengine MSP imetengenezwa pole tu." Nikamwambia tubadilishe kitu kimoja, na tukae ndani ya chipu ileile. LaunchPad ina taa mbili, moja kwenye biti 0 na nyingine kwenye biti 6. Badala ya kugeuza taa moja kwa `#1`, tuzigeuze zote mbili kwa `#0x41`. Kazi ya prosesa ni ileile: soma, geuza, andika. Ila kuna jambo moja linalobadilika. MSP430 ina hila ya kupendeza: namba 0, 1, 2, 4, 8 na hasi 1 zinatengenezwa ndani ya prosesa yenyewe, kwa hiyo hazichotwi. Namba 0x41 haimo kwenye orodha hiyo. Lazima iwekwe kwenye programu kama neno la tatu, na neno hilo lazima lichotwe.

Tukapakia, tukatazama. Muda kati ya geuzo moja na jingine, uliokuwa nanosekunde 375, sasa ulikuwa karibu 437. Pigo moja la megahezi 16 ni nanosekunde 62.5, na hiyo ndiyo tofauti kamili. Tuliiona bei ya kuchota neno moja ikiwa imechorwa kwenye kioo. Nimefanya kazi na chipu hizi kwa miaka, nikisoma majedwali ya mapigo, lakini sikuwahi kuiona peke yake namna ile, bila kitu kingine kilichochanganyika nayo.

Kwa ATmega tukafanya vivyo hivyo. Tukaweka namba ya pini zote tunazotaka kugeuza kwenye rejista r16 kabla ya kitanzi, kisha ndani ya kitanzi tukatumia `out 0x03, r16`. Amri hiyo inachukua pigo 1. Kuandika kwenye pini na kuchota `rjmp` vinafanyika pigo moja, kila kimoja kwenye njia yake. Geuzo likashuka hadi mapigo 3, wimbi likapanda hadi megahezi 2.67.

Hapo mtu angeondoka akiamini kwamba Harvard ni ya kasi na von Neumann ni ya polepole. Nilikaa na imani hiyo muda mrefu, na ilinigharimu. Kwa hiyo niliendelea kumsumbua kijana na mfano wa pili, ule ulio karibu na kazi zetu halisi: kujumlisha baiti 200 zilizopangwa kwenye kumbukumbu, kama unavyofanya unapotafuta wastani wa vipimo vya kihisi.

Kwenye ATmega, kitanzi ni hiki:

```
jumla:  ld    r24, X+     ; 2
        add   r18, r24    ; 1
        adc   r19, r1     ; 1
        dec   r20         ; 1
        brne  jumla       ; 2
```

Mapigo 7 kwa kila baiti. Kwenye MSP430:

```
jumla:  mov.b @R12+, R14  ; 2
        add   R14, R13    ; 1
        dec   R15         ; 1
        jnz   jumla       ; 2
```

Mapigo 6. Chipu yenye njia moja imeshinda. Sababu ya kwanza ni upana: rejista za MSP430 zina biti 16, hivyo jumla inaingia kwa amri moja, wakati ATmega yenye rejista za biti 8 inahitaji mbili, `add` na `adc`. Amri isiyokuwepo haichotwi kabisa, na hakuna njia ya pili inayoweza kushinda hilo. Sababu ya pili iko kwenye `ld`. Ungetegemea kwamba chipu ya Harvard isome RAM kwa pigo 1, kwa kuwa njia ya data haimsubiri mtu. Lakini kwenye AVR, familia ambayo ATmega ni yake, chipu za kizazi hiki zina desturi yake: kufikia RAM kumepangwa kuchukua mapigo 2 kwa jinsi chipu yenyewe ilivyojengwa. Njia ya pili ipo, ila upande wa data wenyewe haujawahi kufikia kasi ya kuitumia yote.

Sasa weka baiti hizo 200 kwenye flashi, kama jedwali la kudumu la kusahihisha kihisi. Kwa MSP430 hakuna kinachobadilika. Anwani ni anwani, amri ni ileile, mapigo ni 6. Kwa ATmega, `ld` haiwezi kuiona flashi kabisa. Inabidi utumie `lpm`, na `lpm` inachukua mapigo 3. Kinachotokea ni kwamba data sasa inataka kupita kwenye njia ya amri, kwa hiyo kuchota amri kunasimama mpaka data ipite. Kwa muda wa amri hiyo moja, chipu ya Harvard inaishi maisha ya von Neumann, tena kwa taabu zaidi. Mapigo 8 kwa 6.

Jina la Harvard lenyewe linatoka kwenye mashine iliyokuwa na ukali huohuo. Mashine ya Howard Aiken, iliyojengwa na IBM na kuanza kazi Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1944, ilisoma amri kutoka kwenye utepe wa karatasi uliotobolewa, na namba zake zilikaa kwenye magurudumu ya kuhesabia. Ukitaka kitanzi, uliunganisha ncha mbili za utepe. Amri na namba zilikuwa vitu viwili tofauti kimaumbile. Mwaka uliofuata, 1945, von Neumann aliandika rasimu yake kuhusu mashine ya EDVAC, iliyokusanya mawazo ya kundi zima pamoja na Eckert na Mauchly, na humo amri na namba zinalala kwenye kumbukumbu moja. Ukiishika ATmega mkononi, bado unaushika ule utepe: programu kule, namba huku, na mlango mwembamba wa `lpm` katikati.

Mlango huo ndio ulionigharimu. Nilikuwa nimetengeneza kifaa cha kupima maji kwenye tangi na kutuma ujumbe mfupi kwa simu. Nilikuwa na ujumbe 14 wa Kiswahili, kila mmoja kama herufi 90: tangi limejaa, maji yamefika nusu, pampu imezimwa, na kuendelea. Kwenye meza kilifanya kazi siku nzima. Kwenye paa la mteja kilikuwa kinajizima na kuwaka upya, hasa pale ambapo ujumbe ulitakiwa utoke wakati huohuo mtu anatuma ujumbe wa kuuliza hali ya tangi. Nilibadilisha betri, nikabadilisha modemu, nikaongeza kapasita kwenye umeme wa modemu. Nilipanda paa lile mara nne.

Kosa lilikuwa kwenye kumbukumbu. Maneno unayoandika kwenye programu ya C huhifadhiwa kwenye flashi, ndiyo, maana lazima yakae mahali umeme ukizimwa. Lakini kwenye ATmega programu ya kawaida haiwezi kuyasoma yakiwa huko, kwa hiyo kompaila inaweka kipande cha kazi mwanzoni kabisa, kabla ya `main`, kinachotumia `lpm` kuyanakili yote kwenye RAM. Kuandika `const` hakuzuii hilo. ATmega328P ina RAM ya baiti 2048. Ujumbe wangu ulikula 1260, bafa ya modemu 256, bafa za mawasiliano ya siria 128. Nilipokuja kutazama, zana ya kupimia ukubwa wa programu ilikuwa imeniambia muda wote:

```
avr-size -C --mcu=atmega328p kipimo.elf
Data:       1644 bytes (80.3% Full)
```

Zilibaki baiti 404. Humo ndimo prosesa inamotunza anwani za kurudia kila kazi ndogo inapoitwa, pamoja na vigezo vya muda vya kazi hizo. Kazi yangu ya kutunga ujumbe ilitenga baiti 160, na kazi ya kusoma ujumbe unaoingia ilitenga nyingine 160. Moja ikiitwa ndani ya nyingine zinabaki 84, na kikatizo kikiingia juu yake, anwani za kurudi zinaandikiwa juu ya data, au data juu ya anwani. Prosesa inarudi mahali ambapo hapapo. Ndiyo maana mezani hakikuanguka: sikuwahi kutuma na kupokea kwa pamoja.

Kwenye MSP430 kosa hili hasa lisingetokea, kwa sababu maneno yangebaki kwenye flashi na kusomwa yakiwa hukohuko. Kwenye ATmega, dawa ni kuyaambia yasinakiliwe, na kuyachota moja moja yanapohitajika:

```
const char jaa[] PROGMEM = "Tangi limejaa.";
strcpy_P(bafa, jaa);
```

RAM ikashuka hadi baiti 384, na kifaa hakijajizima tena. Kila herufi sasa inasomwa kwa mapigo 3 badala ya 2. Kwa ujumbe wa herufi 90 hayo ni mapigo 90 ya ziada, chini ya mikrosekunde 6, na modemu inachukua sekunde kadhaa kuutuma. Hapo kasi ya `lpm` si hoja. Ingekuwa hoja kama ni jedwali la sauti linalosomwa maelfu ya mara kwa sekunde, na hapo ningefanya kinyume: jedwali ningelinakili RAM kwa makusudi.

Tahadhari moja kwa atakayefuata njia hii. Ukiipa `strcpy` ya kawaida anwani ya neno lililo kwenye `PROGMEM`, kompaila inaweza kukuacha upite, na kioo chako kitaonyesha takataka. Namba 0x0100 upande wa data ni baiti ya kwanza kabisa ya RAM. Upande wa flashi ni kipande cha programu. Anwani moja, nyumba mbili. Ukiona herufi za ajabu badala ya maneno yako, kabla hujagusa waya za kioo, tafuta mahali uliposahau `_P` au `pgm_read_byte`. AVR mpya kama ATmega4809 zimepunguza shida hii kwa kuionyesha flashi ndani ya anwani za data, kuanzia 0x4000, ingawa ndani yake njia bado ni mbili.

Kijana aliuliza swali la mwisho wakati tunafunga: kama njia mbili zinafichia prosesa muda wa kuchota, kwa nini bodi yangu ya STM32F103, yenye msingi wa Cortex-M3 na njia tofauti za amri na data, haifikii kasi ninayoitarajia kwenye megahezi 72?

Kwa sababu njia si kitu kama kisima kiko mbali. Flashi ya STM32F103 inajibu bila kusubirisha mpaka megahezi 24. Kati ya 24 na 48 lazima usubiri pigo 1, na kati ya 48 na 72 mapigo 2. ATmega na MSP430G2553 hazina shida hiyo kwa sababu kwenye megahezi 16 flashi zake zinawahi. Watengenezaji wa STM32 wamejitetea kwa upana: kila safari inaleta biti 64 kwa pamoja, yaani amri nne za biti 16, na kuna bafa ya kuchota mapema. Programu ikienda mstari mnyoofu, amri nne zinatosha kuficha mapigo yanayosubiriwa. Programu ikiruka, bafa inakuwa na amri zisizohitajika na prosesa inasimama kungoja.

Nilikuwa nimeshajaribu dawa ambayo wengi huitaja: kuhamishia kitanzi cha kazi nzito kwenye RAM, isiyosubirisha. Nilipima kwa kaunta ya mapigo, `DWT->CYCCNT`, na kitanzi kikawa kizito zaidi. Nilidhani nimepima vibaya, nikarudia mara tatu. Kumbe njia maalumu ya amri kwenye Cortex-M3 inahudumia anwani zilizo chini ya 0x20000000 tu. RAM inaanzia hapohapo 0x20000000. Amri zikikaa RAM zinachotwa kupitia njia ya mfumo, ileile inayobeba data ya RAM, na kuchota kupitia njia hiyo kunaongezewa pigo moja kwa jinsi msingi ulivyojengwa. Kwa mikono yangu nilikuwa nimechukua prosesa ya Harvard nikaigeuza von Neumann.

Nilikirudisha kitanzi kwenye flashi, nikahakikisha mwanzo wake unaangukia kwenye mpaka wa baiti 8, ili ruko la kurudi juu lilete amri nne zinazotumika zote badala ya moja au mbili. Data niliiacha RAM. Nilipompa kijana bodi ile, nilimwachia na faili mbili, moja yenye kitanzi kilichopangwa na nyingine kilichosogezwa kwa amri moja ya `nop`, asome kaunta mwenyewe.